Maneno ya Bango la Kabiria Star

Siku Muigai aliponiambia wateja ndio wachague maneno ya bango, nilijua kuna kitu. Mtu aliyezoea kuamua hata rangi ya ndoo za kuoshea sakafu hawezi kuamka asubuhi moja akawa mpole namna hiyo. Nilimwangalia vizuri. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Kabiria Star niliianza mimi, kwa pasi ya makaa na mabeseni mawili, kwenye chumba cha kupanga pale Kabiria, nikiwafulia walimu na makarani. Muigai alikuja baadaye. Yeye ana nyumba za kupangisha Riruta na alikuwa na uwezo wa kununua mashine ya drai klini, nami nilikuwa na wateja, basi tukawa washirika nusu kwa nusu. Kufikia mwaka 2006 tulikuwa na maduka matatu: la Riruta lenye mashine, la Waithaka, na kiduka cha kupokelea nguo katikati ya jiji. Nguo za jijini zilichukuliwa na gari letu kila jioni, zikasafishwa na kupigwa pasi Riruta, zikarudishwa siku iliyofuata kabla ya saa za mchana.

Hilo duka la jijini aliliendesha ndugu yangu Kiema. Mama yetu alipofariki Kiema alikuwa bado anakojoa kitandani, na mimi ndiye niliyemlea. Nilimlipia shule, nikamfundisha kazi, na alipokuwa mtu mzima nikamkabidhi funguo. Muigai alishasema mara mbili kwamba lile duka lifungwe kwa sababu suti zinapungua, watu wa jijini wanaleta mablanketi na mapazia tu. Niliona anakoelekea. Akiondoka Kiema, ninabaki peke yangu, na mtu aliye peke yake husukumwa polepole hadi mlangoni.

Kwa hiyo tulipokubaliana kuweka mabango mapya, yale ya plastiki yenye taa ndani, vita vikawa vya maneno ya kuandikwa chini ya jina. Yake yalikuwa: Leta leo, chukua kesho. Yangu: Nguo yako, mikono salama. Mabango ya aina hiyo ukishayachapisha umeyachapisha, hayafutwi kwa petroli kama ya rangi. Maneno yatakayopanda juu ya maduka matatu ndiyo yatakayosema duka ni la nani, nami sikuwa tayari kupita chini ya maneno ya Muigai kila asubuhi.

Kiema alikuwa upande wangu kwa moyo wote. Alikuja hadi nyumbani kunieleza kwamba hiyo kesho ya Muigai haiwezekani, umeme unapotea, gari linakwama, mteja akikosa nguo yake siku moja ataita kampuni nzima waongo. Alisema kwa uchungu hadi nikamwonea fahari. Nilijiambia huyu sasa ni mfanyabiashara.

Basi Muigai akaleta Becky. Huyu ni binti wa kaka yake, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya matangazo kule Westlands, akaacha, sasa anajifanyia zake. Alikuja amevaa viatu vya kelele na kuniita auntie kabla hatujajuana. Nilimwuliza wazi kama atampigia kura mtu wa ukoo wake. Akasema yeye hapigi kura, na wateja pia hawatapiga.

"Hatutawauliza ni gani wanapenda, auntie," akaniambia. "Ukiuliza mtu kitu gani anapenda, anakutafutia jibu ya kukufurahisha. Tutamwonyesha kadi, halafu tumwulize, hii inakuambia nini? Hapo ndio utajua."

Alikuwa na masharti chungu nzima. Kadi mbili ziwe za ukubwa mmoja, herufi moja, rangi moja. Muigai alitaka yake iwe nyekundu, akakataliwa, na hapo kidogo nilipumua, ingawa nilifikiri pengine wamepanga akataliwe mbele yangu. Asitajwe aliyetunga maneno. Watu wawe wanane, wagawanywe wanne wanne, wa kwanza waanze na kadi ya Muigai na wa pili waanze na yangu, kwa sababu kinachoonekana kwanza huwa na bahati yake. Kila mtu aandike lake kwanza kabla mazungumzo hayajaanza, la sivyo wote watamfuata mwenye sauti kubwa. Na chai isitolewe mpaka mwisho.

Hilo la chai lilinikera. Kwetu mgeni hakai mkavu. Becky akasema ndiyo maana hasa: mtu wetu akishakunywa chai yako na kula mkate wako, hatakusema vibaya hata ukimchoma na pasi. Ni kweli, na nilichukia kuwa ni kweli.

Sharti la mwisho lilikuwa la watu wenyewe: wawe wateja wa kweli wa duka la jijini. Kiema alijitolea papo hapo, akasema yeye anawajua wateja wa jijini kwa majina. Becky akamshukuru, lakini siku mbili zilizofuata nilisikia kwamba anasimama chini ya ngazi karibu na duka, akiwakamata watu wanapotoka na nguo zao na kuandika namba zao za simu. Nikamwambia Kiema awe macho. Nilikuwa na hakika kwamba msichana anakusanya watu wa kumpa Muigai ushindi. Kiema akasema atahakikisha watu wake wanafika mapema kuliko wa Becky.

Tulikodi chumba kwenye hoteli moja mtaa wa Tom Mboya, ghorofa ya kwanza. Kilikuwa kimegawanywa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili waliweka viti viwili, changu na cha Muigai, ili tusikie bila kuonekana. Becky alituapisha kama watoto wa shule ya Jumapili: hakuna kukohoa, hakuna kutoka, hata wakisema nini.

Watu wa Kiema walifika wa kwanza kweli, vijana wanane, nadhifu, wamenyoa vizuri. Niliwachungulia kwenye ufa nikafurahi. Becky aliwapokea mlangoni, mmoja mmoja, na swali moja tu: mara ya mwisho ulileta nguo gani kwetu, na ulirudishiwa siku gani? Wa kwanza akasema suti. Rangi gani? Akafikiri. Wa pili akasema yeye ni rafiki wa Kiema, haijalishi. Wa tatu akauliza kwani ni mtihani. Becky aliwapa nauli wote wanane, akawashukuru kwa adabu, akawaambia leo hatawahitaji. Kisha akatoa simu na kuanza kuwaita watu wake wa chini ya ngazi, ambao alikuwa amewaweka wakisubiri mkahawa wa jirani.

Niliinuka. Muigai akanishika mkono wa sweta.

"Umeona?" nikamwambia kwa sauti ya chini. "Amefukuza watu wangu, anaingiza wenu."

"Mama Kanini, kaa chini," akasema. "Hao si wateja. Umesikia mwenyewe."

Nilikaa kwa hasira. Nilijiambia Kiema alikosea kwa kunipenda tu. Alitaka dada yake ashinde, akaleta marafiki. Ni kosa la mtoto wa nyumbani, si wizi.

Kundi la kwanza liliketi. Kulikuwa na Phoebe, muuguzi wa makamo, ambaye sauti yake ilipita kwenye zile mbao kama hazipo, na watatu wengine waliosema kidogo. Becky aliwaambia anafanya kazi kwa niaba ya kampuni na hatakasirika kwa neno lolote, maana si yeye aliyeandika. Akawapa kadi ya Muigai. Kukawa kimya cha kalamu. Kisha akauliza, hii inakuambia nini?

Phoebe alicheka. Akasema inamwambia kwamba aliyeandika hajawahi kuleta nguo pale. Kesho? Yeye akileta Alhamisi huambiwa Jumatatu. Wenzake wakaunga mkono. Mmoja akasema huambiwa umeme ulipotea Riruta, mwingine huambiwa gari lilikwama, na sikuzote ni mwisho wa wiki.

Niligeuka nimtazame Muigai, kwa sababu hayo yalikuwa uongo. Mimi ndiye ninayekaa Riruta. Nguo za Alhamisi hurudi jijini Ijumaa, nimezipakia kwenye gari kwa mikono yangu, na kwa miezi mingi umeme haukuwa umetusumbua hata mara moja. Nilifikiri wamefundishwa. Nilifikiri, ameona maneno yake hayatoshi, sasa anataka kuniharibia duka la Kiema kabisa. Lakini Muigai hakuonekana kama mtu anayeshinda. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ikaja kadi yangu. Kalamu tena, halafu kimya ambacho hakikuisha. Becky hakukijaza, alikaa tu. Hatimaye mtu akasema ni maneno mazuri. Mwingine akasema ndiyo, ni mazuri. Phoebe hakusema kitu, na mwanamke wa namna ile akinyamaza unajua kuna jambo. Nilitaka kufurahi kwamba yangu yameitwa mazuri, nikashindwa.

Kundi la pili lilianza na kadi yangu. Kalamu zilipotulia, Becky akauliza lile swali lake, na mwanamume mmoja akamjibu kwa swali.

"Kwani kuna mtu amelalamika?"

Becky akamwuliza kwa nini anafikiri hivyo. Yule mtu, Isaiah jina lake, karani wa serikali mwenye sauti ya upole, akasema duka halitangazi kwamba halijaiba. Ukiona mtu anakuambia uko salama ilhali hujauliza, unashika mfuko. Wengine wakacheka kidogo, cheko la watu wanaojua. Becky akauliza kama kuna aliyewahi kuona nguo yake haiko salama. Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Mimi sipendi kuharibia kijana kazi," Isaiah akasema. "Yule kijana wa pale ni mpole sana. Lakini nilienda harusi Waithaka, na besti meni alikuwa amevaa suti yangu."

Becky akamwomba aeleze.

Alieleza taratibu. Ni suti ya kijivu, na kifungo kimoja cha mkono mke wake alikishona cheusi baada ya kile cha kwanza kupotea. Alikuwa ameipeleka Jumatano, Ijumaa akaambiwa bado haijarudi kutoka Riruta. Jumamosi akavaa sweta kwenda harusini, na pale mbele ya madhabahu akaiona suti yake imesimama karibu na bwana harusi ikishika pete. Angefanya nini? Huwezi kumvua mtu kanisani. Alikula pilau, akarudi nyumbani. Jumatatu alikwenda dukani na tikiti yake, akapewa suti ikiwa safi, imepigwa pasi vizuri, kwenye karatasi yake ya nailoni.

"Sikusema kitu," akamaliza. "Siku hizi naleta mapazia. Pazia haliendi harusi."

Hapo wengine wakafunguka. Mmoja alikuta petali za maua kwenye mfuko wa koti. Mwingine alikuta suruali yake imekunjuliwa pindo na kukunjwa tena. Walikuwa wamejua, kila mtu kivyake, na kila mtu alinyamaza kwa adabu, akabadilisha anacholeta. Becky aliwaonyesha ile kadi ya pili kwa sababu ni lazima aionyeshe, na Isaiah akasema hii angalau inaweza kupimwa. Ukiambiwa kesho na kesho ikafika bila nguo, unajua.

Mimi sikuwa nasikia vizuri tena. Nilikuwa nawaza yale mapazia na mablanketi, na Kiema nyumbani kwangu akieleza kwa uchungu kwamba kesho haiwezekani. Bila shaka haiwezekani. Suti ikirudi kwa mwenyewe Ijumaa, itavaliwa na nani Jumamosi?

Nilimgeukia Muigai.

"Ulijua."

"Nilisikia kitu," akasema. "Mpangaji wangu mmoja alikodi koti pale dukani kwa Kiema. Ningekuambia, Mama Kanini, ungesemaje?"

Ningesema anataka kumwondoa ndugu yangu. Sikuhitaji kulisema, wote wawili tulilijua. Hata wakati ule, nikiwa nimesikia kwa masikio yangu, bado kulikuwa na sauti ndani yangu inayosema huyo karani amelipwa, na hao wengine pia. Nilinyanyuka, nikachukua kadi yangu mezani kwa Becky wakati wateja wanaanza kupewa chai, nikashuka ngazi. Nilitaka kumwuliza Kiema mwenyewe, aniambie ni uongo, nami ningemwamini. Nasema kweli, ningemwamini.

Duka liko umbali wa kutembea tu. Kiema hakuwepo, alikuwa amemwachia jirani muuza viatu amwangalizie. Nilimshukuru yule jirani, nikaingia nyuma ya kaunta. Ilikuwa Ijumaa. Nyuma ya pazia suti zilikuwa zimetundikwa, zile zile nilizokuwa nimezipakia asubuhi, kila moja na tikiti yake. Hakuna aliyekuja kuchukua, maana waliambiwa Jumatatu. Nilizigusa moja moja, na nilikuwa bado natafuta sababu ya kumtetea.

Akaingia kijana. Nilimtambua, ni yule aliyeuliza kama ni mtihani. Yeye pia alinitambua, kwa sababu picha yangu na Kiema imebandikwa ukutani, akatabasamu kama mtu wa nyumbani.

"Niaje, sista ya Kiema. Nimekuja kuchukua ile ya blue, harusi ni kesho. Kiema alisema tukienda pale tuseme mikono salama ni poa, hatatulipisha. Sasa yule dem alitufukuza. Bado ni free, ama?"

Nilimwuliza ni mara ya ngapi anachukua. Akasema yeye si mteja wa kila wiki, kuna wenzake wanaochukua kila Jumamosi. Alisema bila aibu yoyote, akifikiri mimi na ndugu yangu ni kitu kimoja. Na kwa nini asifikiri hivyo? Nilimwambia leo hakuna cha blue. Aliniangalia kwa mshangao, akatoka huku akimpigia Kiema simu.

Nilikaa kwenye kiti cha Kiema. Nilikuwa na hasira kubwa, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Maneno yangu, niliyoyatunga usiku wa manane nikifikiria jinsi nilivyofua mashati ya watu hadi vidole vikapasuka, yalikuwa yametafutiwa kura kwa suti za wateja wangu. Miezi yote ile nilikuwa nimemchunguza Muigai, kikombe chake, binti yao na viatu vyake. Sikuwahi hata mara moja kufungua lile pazia la nyuma na kuhesabu.

Kiema alifika akihema. Ile simu ilikuwa imemfikia. Alisimama upande wa wateja, mimi nikiwa upande wa duka. Nikaiweka kadi juu ya kaunta, nikaigeuza imwelekee.

"Hii inakuambia nini?" nikamwuliza.

Aliisoma. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko wale wote.

"Sista, hakuna hata moja imepotea," akasema mwishowe. "Zote hurudi. Narudisha zikiwa safi."

"Nimekuuliza inakuambia nini."

"Nilitaka ishinde. Ya Muigai ingekumaliza. Naapa nilitaka yako ishinde."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma kupita yote. Alinipenda, na aliniibia, na hakuona kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa ndani ya duka moja. Nilichukua simu, nikampigia Muigai mbele yake. Nilimwambia, wachapishe yako, maduka yote matatu, na kuanzia Jumatatu nguo za jijini nitazipokea mimi mwenyewe. Muigai hakujigamba. Aliuliza tu kama Kiema yupo hapo, nikasema yupo, akasema sawa.

Kiema akatoa funguo mfukoni bila kuambiwa, akaziweka juu ya kadi. Alifikiri tumemaliza. Nami pia nilifikiri hivyo, mpaka alipogeuka kuondoka na mwanga wa mlangoni ukampata mabegani, na kwa mara ya kwanza nikamwangalia ndugu yangu kama ninavyoangalia nguo ya mteja: koti la kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, mshono wa fundi wa kweli, mikono mirefu kidogo kupita mikono yake.

"Na hilo ulilovaa," nikasema, "ni la nani?"

Alirudi, akalivua, akatafuta hanga, akalitundika, kisha akachukua brashi na kuyapangusa mabega yake kwa kushuka chini, polepole, bila kurudia, jinsi nilivyomfundisha.